Shamba lililotoka kwenye chai: soma alumini kabla ya kununua chokaa

Swali: Daktari, naishi Umoja, lakini tuna nusu eka kule Gatundu Kaskazini ambako mama aling'oa chai miaka mitatu iliyopita ili tulime mahindi na maharagwe. Mahindi hudumaa na kugeuka zambarau, na maharagwe hunyauka jua likiwaka siku nne tu. Mwaka jana nilinyunyiza mifuko minne ya chokaa wakati wa kupanda, nikatia na DAP, sikuona tofauti. Januari nilipeleka udongo maabara huko Kabete na sasa nina karatasi nisiyoielewa: pH 4.6, Al 2.4, Ca 1.8, Mg 0.5, K 0.3. Udongo wa chini, sentimita 20 hadi 40, ni Al 3.0, Ca 1.0, Mg 0.3, K 0.2, zote kwa me%. Jirani ananiambia niachane na chokaa, nimwage samadi ya kuku tu. Ninunue chokaa kiasi gani, au samadi inatosha?

Jibu: Dada, wengi wakipata karatasi kama hiyo macho huenda kwenye pH, nayo kwa kazi iliyo mbele yako ndiyo namba yenye msaada mdogo zaidi. pH 4.6 inakuambia kwamba udongo una asidi kali, basi. Haikuambii asidi hiyo imejificha kiasi gani ndani ya udongo, wala utahitaji chokaa kiasi gani kuiondoa. Udongo wa kichanga na udongo wa mfinyanzi vinaweza kusoma 4.6 vyote viwili, kimoja kikahitaji mifuko michache na kingine kikameza lori zima. Namba ya kuanzia ni ile ya Al, ukiilinganisha na Ca, Mg na K zilizo pembeni yake.

Chembe za udongo zina nafasi za kushikilia madini, na nafasi hizo unaweza kuzifikiria kama viti vya matatu. Kipimo cha me% (maabara nyingine huandika cmol/kg, na namba huwa ile ile) kinahesabu viti vilivyokaliwa, hakihesabu abiria. Katika udongo wako wa juu, alumini imekalia viti 2.4, kalsiamu 1.8, magnesiamu 0.5 na potasiamu 0.3. Jumla ni 5.0. Gawanya 2.4 kwa 5.0 na uzidishe kwa 100, unapata asilimia 48. Yaani karibu nusu ya viti vyote vimekaliwa na abiria asiyelisha mmea, na ambaye sehemu yake inayoshuka kwenye maji ya udongo ni sumu kwa mizizi. Udongo wa chini ni mbaya zaidi: 3.0 kati ya 4.5, ambayo ni asilimia 67. Hakikisha tu kwamba ile 2.4 ni alumini yenyewe, kwa sababu baadhi ya maabara hutoa namba moja inayojumlisha alumini na haidrojeni chini ya jina la asidi. Ikiwa ndivyo, hesabu inayofuata haiharibiki, ila itakuwa imeelemea kidogo upande wa chokaa nyingi.

Asilimia hiyo ndiyo inayoamua zao gani litakubali na lipi litakataa. Maharagwe ya kawaida huanza kuumia alumini ikipita asilimia 10 hadi 20. Mahindi hustahimili zaidi kidogo na hutofautiana sana kwa mbegu, lakini ikipita 30 au 40 mengi hushindwa. Kunde huvumilia zaidi ya hapo, na muhogo huweza kukaa mahali ambapo alumini imeshika asilimia 70 na ushee bila kulalamika. Chai, kwa upande wake, huitaka alumini. Majani yake makuukuu hukusanya alumini kwa kiasi ambacho kingeua mimea mingi, kisha yakidondoka au yakikatwa wakati wa kupogoa huirudisha juu ya ardhi. Ukiongeza miaka mingi ya mbolea ya chai yenye naitrojeni ya amonia, ambayo huzalisha asidi kila inapogeuzwa na vijidudu vya udongo, utaelewa kwa nini mama alikuwa na chai nzuri pale pale ambapo wewe unavuna maharagwe ya kuhesabu. Shamba lenu halijachoka. Lilitunzwa vizuri kwa ajili ya zao lingine.

Dalili ulizoziona kwenye majani zinatoka kwenye mizizi. Alumini hushambulia ncha ya mzizi, milimita chache za mwisho ambako mzizi unarefukia, na ncha hiyo ikisimama, mzizi hubaki mfupi, mnene, wenye rangi ya kahawia, bila vile vijizizi vya pembeni vinavyofanana na nyuzi. Mmea wenye mizizi ya namna hiyo hunywa kutoka kwenye tabaka jembamba la juu tu, ndiyo maana siku nne za jua zinatosha kuulaza. Zambarau kwenye mahindi ni njaa ya fosforasi. Fosforasi ya DAP uliitia, lakini alumini hujifunga nayo na kuifanya isiyeyuke, na hata ile iliyobaki mzizi mfupi haukuifikia. Ng'oa mche wa maharagwe wa wiki tatu, uuoshe mizizi polepole ndani ya karai, nawe utayaona haya kwa macho yako.

Sasa hesabu ya chokaa. Lengo letu si kufikisha pH 6.5. Tunataka kuishusha alumini hadi asilimia ambayo zao dhaifu kuliko yote shambani linaweza kuibeba. Kwako zao hilo ni maharagwe, nami nachagua asilimia 15. Asilimia 15 ya viti 5.0 ni 0.75, kwa hiyo alumini ya kuondolewa ni 2.4 kutoa 0.75, yaani 1.65. Chokaa haiendi yote kwenye alumini, kwa kuwa sehemu yake huliwa na asidi iliyoshikwa na mboji na udongo wenyewe, ndiyo sababu tunazidisha kwa 1.5 na kupata 2.475. Kwa kuandika kwa ufupi:

```
chokaa (me%) = 1.5 x (Al - lengo/100 x (Al + Ca + Mg + K))
             = 1.5 x (2.4 - 0.15 x 5.0)
             = 2.475
```

Kila me% moja inahitaji nusu gramu ya chokaa safi kwa kilo moja ya udongo, kwa hiyo 2.475 ni gramu 1.24 kwa kilo. Nusu eka iliyochimbwa hadi sentimita 20, katika udongo mwekundu mwepesi wa huko kwenu ambao lita moja yake ikiwa kavu huwa na uzito wa karibu kilo moja, ina takriban kilo 405,000 za udongo. Zidisha, utapata kilo 500 za chokaa safi kwa nusu eka yako. Ukiwa na udongo mzito zaidi, wenye kilo 1.2 kwa lita, ungehitaji kilo 600.

Hapa ndipo wakulima wengi huponyokwa na hesabu, kwa sababu hakuna anayekuuzia chokaa safi. Mfuko una mambo mawili ya kuuliza. La kwanza ni nguvu yake ya kuua asidi ikilinganishwa na kalsiamu kaboneti safi, ambayo inapaswa kuandikwa kwenye mfuko kwa asilimia. La pili, ambalo halizungumzwi sana, ni ulaini. Chembe inayopita kwenye chekeche la matundu ya robo milimita hufanya kazi yote ndani ya msimu au miwili, chembe kubwa kuliko hiyo tunaihesabu kwa nusu, na ile inayozidi milimita mbili na nusu hivi ni kokoto, haihesabiwi kabisa. Chukua konzi ya chokaa uisugue kati ya vidole: ikiwa kama unga wa ngano, ni nzuri, ikikwaruza kama sukari, umenunua sehemu kubwa ya mawe. Watu hupenda kutia siki waone povu, na povu huonyesha kweli kwamba ni kaboneti, lakini halikuambii lolote kuhusu ulaini.

Tuseme mfuko wako una nguvu ya asilimia 80, na ulipopepeta kilo moja, gramu 700 zilipita chekeche dogo, 250 zilibaki katikati na 50 zilikuwa kokoto. Ufanisi wa ulaini ni 0.70 kujumlisha nusu ya 0.25, yaani 0.825. Zidisha kwa 0.80, unapata 0.66. Kilo 500 ukigawanya kwa 0.66 ni karibu kilo 760, sawa na mifuko 15 ya kilo 50. Mwaka jana ulitia mifuko minne, ambayo kwa ubora kama huo ni kilo 132 za chokaa safi, robo hivi ya iliyotakiwa. Tena uliinyunyiza juu siku ya kupanda. Chokaa haitembei ardhini. Hushughulikia udongo inaougusa, na ikibaki juu huponya sentimita mbili tatu ambazo mzizi wa maharagwe huzipita wiki ya kwanza. Juu ya hayo, mfuko mmoja wa DAP una kilo 9 za naitrojeni ya amonia, na asidi itakayotokana nayo huhitaji takriban kilo 30 za chokaa safi kuizima. Usishangae kwamba hukuona tofauti.

Mifuko 15 na usafiri wake si pesa ndogo, najua, na hapo ndipo swali lako la samadi linapoingia kwa haki yake. Jirani yako hajakosea, ila anazungumzia dawa inayofanya kazi kwa njia nyingine na kwa kipimo kingine.

Samadi na majani mabichi hupambana na alumini kwa njia mbili. Njia ya kwanza inafanana na ya chokaa: mmea ulio hai hukusanya kalsiamu, magnesiamu na potasiamu pamoja na asidi za kikaboni zilizopoteza haidrojeni zao, na vijidudu vinapozichoma asidi hizo, haidrojeni ya udongo hutumika na pH hupanda. Njia ya pili ndiyo hasa ya samadi. Mboji iliyooza vizuri huikumbatia alumini na kuifunga ndani yake, ikabaki ardhini lakini isiudhuru mzizi. Hii ndiyo sababu utakuta shamba lenye mboji nyingi linasoma pH 4.8 na maharagwe yamestawi, na mtu aliyefundishwa kusoma pH peke yake hubaki ameduwaa.

Lakini tuhesabu. Alizeti mwitu, yale maua ya manjano yanayojaa kandokando ya barabara, ni miongoni mwa majani yenye utajiri mkubwa: yakikauka yana naitrojeni ya asilimia 3.5 hivi na potasiamu ya karibu 4. Kwa makadirio yangu kutokana na madini yaliyomo, tani moja ya majani hayo makavu haifikii kilo 100 za chokaa safi kwa nguvu ya kuua asidi, na tani moja kavu ni tani tano au sita za majani mabichi ya kukata na kubeba begani. Ili kupata kilo 500 zako kwa majani peke yake, ungehitaji zaidi ya tani 25 mbichi kwa nusu eka. Hakuna kichaka cha Gatundu kinachotoa hizo. Tena nguvu ya majani mabichi hupungua baada ya miezi michache, kwa kuwa naitrojeni yake ikishageuka kuwa naitreti hurudisha sehemu ya asidi.

Samadi ya kuku wa mayai ni kisa tofauti kidogo, kwa sababu chakula chao huwekwa chokaa kwa ajili ya maganda ya mayai, na chokaa ambayo kuku hakuitumia hutoka kwenye samadi. Ya kuku wa nyama, iliyochanganyika na maranda ya mbao, haina faida hiyo kwa kiwango sawa. Kwa hiyo ukinunua kwa wafugaji wa Ruai au Kiambu, uliza ni kuku gani kabla ya kuuliza bei. Majivu ya kuni nayo ni chokaa halali, ingawa nguvu yake mara nyingi ni nusu ya chokaa safi au chini ya hapo, na jiko la nyumba moja halitoi ya kutosha isipokuwa kwa kitalu cha sukuma.

Hitimisho langu la kihesabu ni kwamba samadi haitoshi kutibu nusu eka yote kwa kina cha sentimita 20, ila inatosha kabisa kutibu mahali padogo ambapo mzizi mchanga unaanzia maisha. Basi tusitibu nusu eka yote kwa mara moja. Panda mistari ya mahindi kwa umbali wa sentimita 75, na kila mstari uutengenezee mkanda wa upana wa sentimita 25 uliochimbwa hadi sentimita 20. Mikanda hiyo ni theluthi moja ya shamba, na theluthi ya mifuko 15 ni mifuko mitano. Kwa urefu, ni gramu 90 hivi za chokaa kwa kila mita ya mkanda. Tafuta kopo dogo, pima mara moja kwenye mizani ya duka, weka alama, halafu tumia kopo hilo hilo shamba zima. Tandaza nusu ya chokaa kabla ya kuchimba, chimba kwa jembe la meno, tandaza nusu iliyobaki, kisha changanya tena hadi usiweze kuona michirizi myeupe. Michirizi ikionekana, maana yake kuna donge lililopata chokaa ya kuzidi na jirani yake halikupata kitu.

Fanya kazi hiyo wiki nne au zaidi kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu. Chokaa ikikaa kwenye vumbi kavu la Februari inasubiri tu, haifanyi kazi. Kama mvua za masika zimekukaribia mno, usikimbizane nazo: itie ukishavuna, na zao la vuli ndilo litakaloifaidi. Samadi iliyooza uitie baadaye, wiki moja kabla ya kupanda, magunia 20 ya kilo 50 kwa mikanda yote. Usiichanganye na chokaa kwenye rundo moja, kwa kuwa chokaa hufukuza amonia hewani, na ile harufu kali inayokuchoma macho ni naitrojeni uliyoilipia. Maharagwe nayo yaingie ndani ya mkanda pamoja na mahindi. Ukiyapanda katikati ya mistari kama mlivyozoea, utakuwa umeyarudisha kwenye asilimia 48. Msimu unaofuata sogeza mkanda, na wa tatu tena, hadi shamba zima liwe limepata mifuko yake 15.

Wako watakaokuambia utie kijiko katika kila shimo, na hesabu yao ina mantiki. Shimo la sentimita 20 kwa 20 kwa 20 lina kilo 8 za udongo, linahitaji gramu 10 za chokaa safi au 15 za ile ya mfukoni, yaani kijiko cha mezani kilichosawazishwa. Mashimo kama 5,400 ya nusu eka yangekula kilo 81, chini ya mifuko miwili. Mimi siipendi sana njia hii kwa mahindi, kwa sababu mzizi hutoka nje ya shimo ndani ya wiki chache na kugonga ukuta wa alumini, ukajikunja ndani kama mmea wa kwenye mkebe. Ila kama mfukoni mna pesa za mifuko miwili tu msimu huu, kijiko kilichochanganywa vizuri shimoni pamoja na konzi mbili za samadi ni bora mara nyingi kuliko mifuko hiyo miwili kunyunyizwa juu ya shamba zima.

Kabla ya kununua mifuko hiyo yote, fanya jaribio dogo la nyumbani. Leta kutoka shambani debe moja la udongo wa juu, uligawe kwenye makopo manne yenye kilo 3 kila moja, na uyapange kwenye baraza lako hapo Umoja. La kwanza liache lilivyo, la pili tia chokaa kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, la tatu konzi mbili za samadi iliyooza, la nne vyote viwili, ukianza na chokaa na kuleta samadi wiki tatu baadaye. Tia maji kidogo kidogo wiki hizo tatu za mwanzo. Siku ya kupanda, weka makopo yote kiasi kile kile cha mbolea ya fosforasi isiyo na amonia, kama vile TSP, ili njaa ya fosforasi isije ikajifanya alumini. Panda maharagwe matatu kila kopo, na siku ya 21 yamwage yote ndani ya karai uoshe mizizi. Usitazame majani, kwani siku za mwanzo huishi kwa akiba ya mbegu. Tazama ncha na vijizizi vya pembeni. Kopo la tatu likikupa mizizi mirefu na myeupe kama la nne, samadi uliyopata ni nzuri na unaweza kupunguza chokaa msimu wa kwanza. Likifanana na la kwanza, jirani yako ana samadi bora kuliko muuzaji wako.

Upande wa mbolea, acha DAP kwa misimu hii na utumie TSP ndani ya mkanda, kisha CAN ya kukuzia, ambayo asidi yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya urea au amonia salfeti. Magnesiamu yako ya 0.5 iko chini, kwa hiyo ukipata chokaa ya dolomaiti kwa bei iliyokaribiana na ya kawaida, ichukue hiyo.

Udongo wa chini, wenye asilimia 67, chokaa ya juu haitaufikia kwa miaka kadhaa. Kwa sasa athari yake ni kwamba mizizi itajaa vizuri sentimita 20 za juu na kusimama hapo, kwa hiyo mazao yatastawi mvua ikiwa nzuri na bado yatateseka kiangazi kikirefuka. Jasi husaidia kiasi: haiui asidi, lakini huyeyuka na kushuka na kalsiamu yake, na salfeti yake hupunguza makali ya alumini huko chini. Kwa nusu eka ya mahindi sioni kama gharama yake inarudi. Afadhali utie matandazo yanayotunza unyevu, na sehemu ambayo bado haijafikiwa na mkanda uipande viazi vitamu au muhogo.

Usije ukapandwa na ari ukazidisha. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimwekea mkulima mmoja kiasi cha kufikisha pH 6.5 kwenye udongo mwekundu kama wenu, nikijiona nimemfanyia hisani, na mahindi yake yakatoka na milia myeupe kwenye majani machanga. Ilikuwa njaa ya zinki, ambayo chokaa ya kuzidi huifungia ardhini. Ilinigharimu msimu wake mmoja na heshima yangu kijijini. Kwa udongo wako, pH ikifika 5.3 au 5.4 alumini itakuwa imebaki kidogo sana, na hapo tunasimama.

Baada ya misimu miwili, chukua sampuli tena, lakini ndani ya mikanda na nje yake kwa mifuko tofauti, kila mmoja ukiwa mchanganyiko wa mashimo kumi au zaidi, na upeleke maabara ile ile kwa sababu njia za kupima hutofautiana. Ndani ya mkanda natarajia Al iwe karibu 0.75 na Ca imepita 3. Ikiwa Al bado iko juu ya 1.2, kwanza chunguza kama ulichanganya hadi sentimita 20 au ulikwaruza 10 tu, kisha upime ulaini wa chokaa uliyouziwa, kabla hujaongeza mfuko mwingine.